Kumlipa mvutaji kwa kila siku asiyovuta: ratiba ninayoitumia

Mvutaji wa sigara anayetaka kuacha anakuja, anapuliza kwenye kipima pumzi, na kikionyesha hajavuta analipwa hapohapo. Kazi kubwa iko kwenye kipimo na kwenye kupanga kiasi.

Hatua ya 1: Pima vizuri. Avute pumzi ndani, aizuie sekunde 15, kisha apulize polepole mpaka hewa imwishe. Kioo kinaonyesha kaboni monoksaidi, gesi iliyomo kwenye moshi, kwa `ppm`, yaani sehemu kwa milioni. Chini ya 6 namhesabu hajavuta. Gesi hii hupungua kwa nusu kila saa nne au tano hivi, kwa hiyo aliyevuta jana asubuhi anaweza kupita leo. Ndiyo maana napima asubuhi na jioni, na siku inahesabika akipita mara zote mbili.

Angalia na mkaa. Muuza chipsi mmoja alipuliza 9 jioni huku akiapa hajagusa sigara. Nilimwita alfajiri kabla hajawasha jiko, ikasoma 3. Tangu hapo vipimo vyake vyote viwili tunavifanya kabla hajaanza kukaanga.

Hatua ya 2: Panda kidogo kidogo. Siku ya kwanza nampa shilingi 1,000, ya pili 1,200, ya tatu 1,400, hivyo hivyo nikiongeza 200. Ikifika siku ya tano keshapata 7,000, na kesho inayomsubiri ni 2,000.

Hatua ya 3: Akiteleza, rudi mwanzo. Siku ya sita alivuta. Hapati kitu siku hiyo, na kesho yake anaanza tena na 1,000. Lakini akipita siku tatu mfululizo, ya nne namrudisha kwenye ile 2,000 aliyoikosa. Usiiache sehemu hii. Bila njia ya kurudi, aliyeteleza mara moja huona hana cha kupoteza tena, na haonekani.

Mpangilio huu haukutoka kichwani mwangu. Mwaka 1996, kule Vermont, Marekani, watafiti waliwalinganisha wavutaji waliolipwa kiasi kinachopanda na kurudi mwanzo na wale waliolipwa kiasi kilekile kila mara. Makundi yote mawili yaliacha, ila waliopandishiwa ndio waliorudia sigara kwa uchache.

Lakini hilo lilikuwa jaribio la siku chache. Kuhusu muda mrefu, uchambuzi wa mwaka 2019 wa Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za afya, ulikusanya majaribio 33 yenye watu zaidi ya 21,000. Baada ya miezi sita au zaidi, walioacha walikuwa kama 7 kwa kila 100 wasiolipwa, na kama 10 kwa waliolipwa. Tofauti ilibaki hata malipo yalipokwisha. Mpe mteja namba hizo kama zilivyo.

Hatua ya 4: Punguza vipimo. Baada ya wiki nne nahamia kipimo cha kotinini, mabaki ya nikotini mwilini, kwenye mate mara moja kwa wiki, kwa sababu yenyewe hukaa mwilini siku kadhaa. Anayetumia bandeji au ubani wa nikotini abaki kwenye pumzi, maana kotinini yake itapanda hata kama havuti.