Pengo kwenye wasifu ndilo swali la usaili

Chapisha tangazo la kazi na wasifu wako, uviweke kando kwa kando. Kwa kila sharti, andika pembeni mstari wa wasifu unaolithibitisha. Penye utupu ndipo swali litakapotokea, hasa kama sharti hilo limetajwa mara mbili.

Chukua nafasi ya mhasibu katika kampuni ya Industrial Area, Nairobi. Tangazo linataka mtu wa kuwasilisha ritani za VAT kwenye iTax, mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya. Wasifu wako una malipo ya wauzaji na ulinganishaji wa taarifa za benki, basi. Tarajia: "Mara ya mwisho uliwasilisha ritani lini, na ulikwama wapi?" Ukijibu "najifunza haraka," umekwisha, jibu hilo hutolewa na kila mtu.

Sema wazi kuwa hujawahi kubonyeza kitufe cha kuwasilisha, kisha ueleze kipande unachokijua: ulivyokagua ankara za kielektroniki za wauzaji zinazotolewa kupitia eTIMS, na ulivyofuatilia ile iliyokuja na PIN isiyo sahihi kabla haijaharibu hesabu ya kodi ya manunuzi. Ongeza kwamba ritani hiyo inatakiwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Fanya mazoezi kwa sauti, dakika moja na nusu, si zaidi.

Pengo hatari zaidi ni sharti uliloligusa kwa neno moja tu, kama "mishahara". Msaili atadhani uliiandaa mwenyewe, na swali la pili litauliza hatua kwa hatua.