Piga picha ya taa ya dashibodi kabla ya kuzima injini
Ukiona alama usiyoijua kwenye dashibodi, egesha gari pembeni kisha uipige picha injini ikiwa bado inaunguruma, kwa sababu ukiizima na kufungua swichi tu, taa nyingi huwaka pamoja kwa kujijaribu na fundi hatajua ipi yenye hitilafu. Gusa alama hiyo kwenye kioo cha simu ili mwanga upungue, maana kamera inaweza kuifanya nyekundu ionekane ya chungwa, na nyekundu kwa kawaida humaanisha usimame mara moja. Usianze na picha ukiona alama nyekundu ya kopo la oili lenye tone: hapo simama na uzime injini kwanza, kwani presha ya oili ikikosekana beringi za krenki huharibika upesi, hata kama kijiti cha kupimia kinaonyesha oili ipo.