Mashati meupe yamegeuka pinki: namna ya kuyarudisha kabla hayajakauka

Tuchukue kisa kinachotokea mno wiki ya kufungua shule. Kanga mpya nyekundu imechuja rangi ndani ya mashine, na humo mlikuwa na mashati manne ya shule, fulana mbili za pamba na foronya moja. Vyote vimetoka pinki. Nguo hizi zinaweza kuokolewa, mradi zisikauke. Rangi iliyohamia imelala tu kwenye nyuzi, haijafungamana nazo kama ilivyofungamana na kanga. Zikipigwa pasi au zikiingia kwenye mashine ya kukaushia, joto litaifanya ing'ang'anie.

Hatua ya 1: Tenga na suuza

Toa kanga kwanza, uiweke mbali. Usiache nguo zikiwa rundo ndani ya mashine au beseni hata kwa nusu saa, kwa sababu rangi huhama zaidi pale nguo mbichi zinapogusana bila kusogea. Ndiyo maana mara nyingi utakuta madoa mekundu yenye mipaka, si pinki iliyosambaa sawasawa. Suuza nguo nyeupe kwa maji ya baridi, ukibadilisha maji hadi yatoke meupe. Usizikamue kwa nguvu.

Hatua ya 2: Fua tena mara moja, nyeupe peke yake

Tumia sabuni ya unga kwa kipimo cha kawaida na maji ya moto kiasi ambacho lebo ya nguo inaruhusu. Pinki hafifu huweza kuisha hapa hapa. Kama una karatasi za kunasa rangi, tia moja au mbili chini kabisa ya ngoma kabla ya nguo.

Ni vizuri kujua karatasi hizi zinafanya nini, maana watu wengi huzinunua wakitarajia kisichowezekana. Zimetiwa dawa yenye chaji chanya, na rangi nyingi za nguo za pamba zikiwa ndani ya maji huwa na chaji hasi. Kwa hiyo karatasi huvuta rangi inayoelea kabla haijatua kwenye shati. Rangi ambayo tayari imetua haiwezi kuing'oa. Tena ina kikomo chake: ikishajaa, rangi inayobaki majini huendelea na safari yake. Karatasi ikitoka nyekundu iliyokolea pande zote, hiyo ni ishara kwamba nguo iliyochuja ilipaswa kufuliwa peke yake. Karatasi iliyokwisha kutumika haifai tena.

Hatua ya 3: Loweka kwenye dawa ya oksijeni

Hapa ndipo kazi kubwa inapofanyika. Tafuta unga wa kung'arisha unaotumia oksijeni, ambao lebo yake imeandikwa sodiamu perkaboneti (sodium percarbonate). Unga huu ukikutana na maji ya moto hutoa haidrojeni peroksaidi, nayo huvunja rangi bila kuumiza pamba wala poliesta. Usitumie kwa sufi wala hariri.

Kwa mzigo wetu lita 9 zinatosha. Chemsha lita 3, kisha zimimine kwenye ndoo yenye lita 6 za maji ya bomba. Utapata joto la karibu nyuzi 50. Yakiwa ya baridi unga haufanyi kazi sawasawa, na hilo ndilo kosa linalowafanya wengi waseme dawa haifai. Tia vijiko vikubwa vinne vya unga, koroga hadi uyeyuke wote, ndipo utumbukize nguo. Weka sahani juu ili zisielee, kwa sababu sehemu iliyochomoza juu ya maji itabaki na doa lake. Vaa glavu. Usifunge ndoo kwa kifuniko kinachobana wala usihifadhi mchanganyiko kwenye chupa. Gesi yake inaweza kuipasua.

Acha saa 4 hadi 8, au usiku kucha, kisha fua na usuuze. Katika mzigo huu usishangae mashati yakitangulia kuwa meupe. Mashati mengi ya sare yamechanganywa poliesta na pamba, na rangi ya aina hii haikamati poliesta. Foronya na fulana, ambazo ni pamba tupu, zimenyonya zaidi. Angalia nguo ikiwa bado mbichi, kwenye mwanga wa mchana: ikiwa pinki imepungua, andaa maji mapya na unga mpya urudie. Yale maji ya jana yameshaisha nguvu.

Hatua ya 4: Jiki, lakini kwa baadhi ya nguo tu

Kama foronya bado ina pinki baada ya kuloweka mara mbili, sasa jiki inaweza kuingia. Ni kwa pamba nyeupe tupu. Nyuzi za kuvutika huharibika, nailoni hugeuka njano, na nembo ya shule iliyodariziwa kifuani hupauka. Kwa hiyo mashati yasiguse jiki. Changanya mililita 50 kwa lita 5 za maji ya baridi, tumbukiza foronya, na uichunguze kila dakika 5. Usipitishe dakika 20. Kuacha zaidi kunakula pamba yenyewe.

Kabla ya hapo suuza foronya vizuri iishe dawa ya oksijeni. Na tafadhali usichanganye jiki na siki, wala na dawa yoyote ya chooni yenye asidi: hutoa gesi ya klorini, ambayo inaumiza mapafu.

Kuzuia isitokee tena

Kabla nguo mpya ya rangi kali haijaingia kwenye mzigo wowote, lowesha pindo lake, weka kitambaa cheupe cha pamba juu, na ubonyeze kwa pasi ya moto kwa sekunde 10. Kitambaa kikipata rangi, nguo hiyo inachuja. Jaribu kwenye pindo la ndani, na weka pasi ya kadiri ikiwa nguo ni ya poliesta.

Kutenga nguo nyeusi na nyeupe peke yake hakutoshi. Nyekundu, bluu ya jinzi na nyeusi mpya zikae kundi lao, kwa maji ya baridi. Rangi hafifu ziwe kundi la pili, nyeupe la tatu. Shati jeupe lenye kola ya bluu lihesabiwe kuwa la rangi. Ukifua kwa mkono na povu moja, anza na nyeupe, umalizie na nyeusi. Utaratibu huo ni sahihi kabisa, ila usiloweke kanga kwenye beseni lile lile ukisubiri zamu yake.

Wengi hushauri kuloweka nguo mpya kwenye chumvi au siki ili rangi ishike. Chumvi husaidia fundi wakati wa kutia rangi; kwa nguo iliyotoka dukani haifungamanishi rangi iliyobaki huru. Dawa yake ni kuiondoa: fua kanga hiyo peke yake kwa sabuni, suuza, rudia hadi maji ya mwisho yawe meupe, kisha iweke kwenye kundi la nguo za giza na karatasi moja ya kunasa rangi kwa mizigo michache ya kwanza.