SOMO: Umejikinga na bei ya kahawa New York, mbona pesa inaisha kabla kahawa haijauzwa?

Wadau wa Mbozi, Mbinga na Rungwe, wengi tunajua kwamba ukiwa na kahawa ghalani unaweza kuuza mkataba wa fyucha New York, yaani wa kukabidhi kahawa mwezi fulani ujao kwa bei iliyopangwa leo, ili bei ikishuka usiumie. Hapo hakuna shida. Kinachosahaulika ni kwamba kinga hiyo inadai pesa taslimu kila siku, wakati kahawa yenyewe inakulipa mara moja tu, mwishoni. Twende hatua kwa hatua kwa mfano mmoja. Namba za mfano ni zangu.

Hatua ya 1: Funga kinga na uandike tofauti ya bei

Loti moja ya Arabika New York ni ratili 37,500, yaani tani 17 hivi. Muuzaji wetu wa Vwawa ana tani 68 za kahawa safi, sawa na loti 4. Ni Septemba. Kahawa imemgharimu senti 225 za dola kwa ratili, na mkataba wa Desemba uko senti 240. Anauza loti 4 kwa 240.

Andika kwenye daftari: 225 toa 240 ni hasi 15. Hiyo ndiyo tofauti, wafanyabiashara wanaiita difrensho. Kuanzia hapa muuzaji huyu habahatishi tena bei ya kahawa duniani. Anabahatisha hiyo hasi 15 tu, kama itapungua au itaongezeka.

Hatua ya 2: Elewa kwa nini bei mbili hukutana

Mkataba wa Desemba si namba ya hewani. Aliyeuza na kubaki nao hadi mwisho lazima akabidhi kahawa iliyokaguliwa, kwenye ghala lililoidhinishwa na soko, mfano Antwerp au New York. Muda ukikaribia, fyucha ikiwa juu ya bei ya kahawa iliyoko kwenye maghala hayo, watu watanunua kahawa, watauza fyucha na kukabidhi. Ikiwa chini, watanunua fyucha na kusubiri kukabidhiwa. Mvutano huo ndio unaozisogeza bei hizo mbili hadi zinakutana.

Lakini angalia: zinazokutana ni fyucha na kahawa iliyoko *Antwerp*. Yako iko Vwawa. Kati yake kuna lori hadi Dar es Salaam, ada za bandari, meli, na daraja la ubora. Kwa hiyo tofauti yako haiendi sifuri. Inasogea kuelekea gharama hizo, kwa kuyumbayumba.

Hatua ya 3: Fuata pesa, siku kwa siku

Hapa ndipo penye kazi. Kufungua loti 4 unaweka dhamana kwa broka. Tuseme dola 6,000 kwa loti, jumla 24,000. Soko likifunga (kwetu ni saa 2:30 usiku wakati wa majira ya joto ya Marekani), mkataba wako unapimwa kwa bei rasmi ya siku hiyo. Kila senti moja ikipanda, loti 4 zinakutoa dola 1,500, na zinatoka kweli kwenye akaunti. Salio likishuka chini ya kiwango, broka anapiga simu: ongeza dhamana, mara nyingi kabla ya kesho kuisha.

Tuseme bei inapanda taratibu hadi 300 katikati ya Novemba. Senti 60 mara dola 1,500 ni dola 90,000. Na kwa kuwa soko limechafuka, dhamana nayo inapandishwa hadi dola 10,000 kwa loti, hivyo ongeza 16,000. Ukijumlisha na zile 24,000 za mwanzo, pesa iliyotoka ni dola 130,000. Kwa dola moja shilingi 2,500, ni milioni 325. Kahawa bado iko kwenye magunia.

Akivumilia, mambo yanaenda hivi: anauza kahawa kwa 290, anafunga fyucha kwa 300. Kahawa imempa faida ya senti 65, fyucha imekula 60. Zinabaki 5, na hizo ni difrensho kutoka hasi 15 kwenda hasi 10, basi. Dhamana ya 40,000 inarudi.

Sasa fikiria asiye na pesa. Bei imefika 285, ameshindwa kuongeza dhamana, broka anamfungia loti zote. Senti 45 zimeondoka. Wiki tatu baadaye soko linarudi 250, naye anauza kahawa kwa 240. Faida ya kahawa ni 15, hasara ya fyucha 45: amepoteza senti 30 kwa ratili, dola 45,000. Difrensho mwishoni ilikuwa ile ile hasi 10! Hesabu ya kinga ilikuwa sahihi, kilichokosekana ni pesa ya kufika mwisho.

Haya si ya kufikirika. Mwishoni mwa 2024 Arabika ilipita senti 340 na kuvunja rekodi ya 1977, kisha Februari 2025 ikapita 400. Brazil kulikuwa na wauzaji wa nje waliokimbilia mahakamani kuomba muda wa kulipa madeni.

Hatua ya 4: Pima kabla ya kuuza loti ya kwanza

Jiulize: bei ikipanda senti 80 ndani ya miezi miwili na dhamana ikaongezeka mara mbili, pesa itatoka wapi? Kwa loti 4 ni dola 120,000 na dhamana 48,000. Kama benki haijaandika kwamba itakopesha kwa ajili hiyo, punguza loti. Kukinga nusu ya kahawa na kufika nayo mwisho ni bora kuliko kukinga yote na kufungiwa njiani.

Usisahau tarehe: taarifa za makabidhiano huanza siku saba za kazi kabla ya siku ya kwanza ya kazi ya mwezi wa mkataba. Toka au hamia mkataba wa Machi kabla ya hapo.

MASWALI

Mdau wa Mbinga: Mwalimu, kahawa si imepanda thamani? Kwa nini benki isikopeshe kwa hiyo?

Inaweza, ila ulizia Agosti, siyo siku ya simu ya broka. Wanataka stakabadhi ya ghala, tathmini, na makubaliano ya pande tatu. Hayo hayaishi ndani ya saa 24. Pia bei ya New York ikiruka ghafla, wanunuzi wa kahawa halisi husita, kwa hiyo difrensho inaweza kwenda hasi 30 kwa muda. Kahawa yako haijapanda kama fyucha ilivyopanda, na benki inaona hilo.

Katibu wa AMCOS, Mbozi: Bei ikishuka tunaingiziwa pesa kila siku. Tunaweza kuwapa wakulima malipo ya pili?

Hapana, ndugu katibu. Bei ikirudi juu keshokutwa, pesa hiyo inadaiwa tena. Iacheni kwa broka mpaka kahawa iuzwe.

Dada wa Tukuyu: Hakuna kinga isiyo na simu za usiku?

Ipo, dada. Unanunua haki ya kuuza kwa bei fulani: unalipa ada mara moja na hudaiwi zaidi. Tatizo ni ada. Soko likiwa tulivu inavumilika, likichafuka inaweza kumeza faida yote ya senti 5 au 10. Njia nyingine ni kumuuzia mnunuzi wa nje kwa difrensho, yeye ndiye ashike fyucha na kubeba dhamana. Atakukata kidogo kwenye bei kwa kazi hiyo, na kwa mwenye loti mbili tatu mara nyingi inalipa.