Kabla hujalipia video iliyotembea yenyewe

Video yako ya keki imetembea bure? Kabla hujailipia iwe tangazo, fungua takwimu zake uone watazamaji wako wapi. Kama wengi wako Mwanza na wewe oda unapeleka kwa bodaboda kutoka Sinza, usiuachie mtandao ukuchagulie watu, utaletewa walewale. Weka Sinza, kilomita 8 kuzunguka, miaka 22 hadi 45, basi. Ukirundika vigezo vingine, kundi linabana na bei mara nyingi inapanda.

Lengo liwe meseji (watazamaji si umeshawapata bure?). Anza na shilingi 6,000 kwa siku, siku 5. Tuseme siku ya tatu umetumia 18,000 na wamekuandikia watu 12, wakanunua 3: kila mteja kakugharimu 6,000. Keki inakuachia faida ya 4,000? Zima tangazo.