Somo: Namna ya kupiga picha isiyo na ukungu kwa simu kupitia lenzi ya jicho ya hadubini

Swali la duara jeusi na picha yenye ukungu limeulizwa hapa mara nyingi kiasi kwamba majibu yangu yameanza kufanana neno kwa neno. Kwa hiyo ninaliandika mara moja kwa ukamilifu, na atakayeuliza tena nitamwelekeza kwenye somo hili. Nitatumia mfano wa lenzi ya jicho ya 10x na lenzi ya chini ya 40x, yaani ukuzaji wa mara 400, kwa sababu hapo ndipo kasoro zote hujitokeza. Anayepata picha safi kwa 40x hatasumbuliwa na 4x wala 10x.

Hatua ya 1. Futa kioo cha kamera ya simu na kioo cha juu cha lenzi ya jicho kwa kitambaa laini cha lenzi.

Hatua ya 2. Lenga kwanza kwa jicho lako mwenyewe, bila simu, mpaka uone kingo za seli waziwazi.

Hatua ya 3. Ongeza mwanga kwa kitufe cha taa, na ukitaka kuupunguza tumia kitufe hicho hicho, si diafragimu ya kondensa. Ili kuipanga diafragimu, chomoa lenzi ya jicho, chungulia ndani ya bomba, kisha ifunge hadi mwanga ubaki umejaza kama robo tatu ya upana wa duara unaloliona. Ukiifunga zaidi ya hapo, picha itaonekana kuwa na weusi na weupe uliokolea, lakini vitu vidogo vilivyokaribiana vitaungana, na hakuna simu itakayovitenganisha.

Hatua ya 4. Hii ndiyo hatua inayowaangusha wengi, na mimi iliniangusha, kwa hiyo isome polepole. Mwanga unaotoka kwenye lenzi ya jicho haupandi juu kama nguzo, bali hukusanyika na kuwa kiduara kidogo kinachoelea hewani juu ya kioo, kisha hutawanyika tena. Shika kipande cha karatasi nyeupe juu ya lenzi ya jicho na ukipandishe taratibu: utaona doa la mwanga likipungua, likifika udogo wake wa mwisho, kisha likikua tena. Pale lilipokuwa dogo kabisa, likiwa na ukingo mkali, ndipo mboni ya jicho hukaa mtu anapochungulia, na ndipo tundu la kamera linapopaswa kukaa.

Upana wa kiduara hicho kwa milimita hupatikana kwa kuzidisha 500 kwa namba ya pili iliyochongwa kwenye lenzi ya chini, kisha kugawanya kwa ukuzaji wote. Kwa lenzi iliyoandikwa 40/0.65, hesabu ni 500 × 0.65 ÷ 400, yaani takriban milimita 0.8. Tundu la kamera kuu ya simu nyingi za sasa lina upana wa milimita 2 hadi 3, kwa hiyo nafasi ya kukipokea kiduara chote ipo. Tatizo ni kwamba tundu hilo haliko juu ya kioo cha simu, bali liko ndani yake kwa umbali mdogo. Ndiyo maana simu inapaswa kushuka kidogo kuliko pale karatasi ilipoonyesha, na ndiyo maana adapta ya kushikia simu iliyotengenezwa kwa kubahatisha urefu huleta kivuli hata ikikazwa vipi.

Utajuaje kwamba umbali ni sahihi? Telezesha simu kando polepole huku ukitazama skrini. Ikiwa kivuli kinaingia kutoka upande mmoja na kufagia picha kuelekea upande mwingine, simu iko juu mno au chini mno. Ikiwa picha nzima inafifia kwa pamoja kabla ya kupotea, umefika. Jaribio hili ni la kuaminika kuliko rula, kwa sababu halikulazimu kujua tundu la kamera yako liko ndani kiasi gani.

Angalizo la kwanza: si kila weusi pembeni ni kasoro. Duara jeusi lenye ukingo mkali ni pete iliyomo ndani ya lenzi ya jicho, na litakuwapo daima mpaka uvute picha karibu au uikate baadaye. Kasoro ni weusi wenye ukingo laini, unaocheza simu inapocheza. Angalizo la pili: kutelezesha simu na kuiinamisha ni mambo mawili tofauti. Miale ya kila nukta moja ya slaidi, ikitoka kwenye lenzi ya jicho iliyolengwa vizuri, huwa sambamba, kwa hiyo kuteleza kidogo hakuhamishi picha bali huleta kivuli, ilhali kuinama huhamisha picha nzima kwenye skrini na kuacha upande mmoja ukiwa na ukungu. Anayeona duara limeenda kona moja asisukume simu, ainyooshe.

Hatua ya 5. Zima hali ya makro na ile ya simu kujichagulia kamera, kwa maana simu ikihamia kamera nyingine katikati ya kazi, tundu ulilolipanga kwa shida si hilo tena. Kisha bonyeza katikati ya skrini bila kuachia mpaka ulengaji na mwanga vifungwe (baadhi ya simu huandika AE/AF LOCK), halafu malizia kulenga kwa skrubu ndogo ya hadubini ukitazama skrini. Ukiiacha simu ijilenge yenyewe, itakuwa inafukuzana na mkono wako.

Hatua ya 6. Mtikisiko. Kwa lenzi ya 40/0.65, vitu viwili vilivyotengana kwa takriban nusu maikromita ndivyo vidogo zaidi unavyoweza kuvitofautisha. Slaidi ikisogea umbali huo wakati kamera iko wazi, kazi yote ya lenzi imepotea. Kidole kinachogusa skrini kinatosha kuleta hasara hiyo. Tumia kipima muda cha sekunde 3 au zaidi, au kitufe cha sauti cha visikilizi vya waya, na uondoe mikono mezani. Ikiwa simu yako inaruhusu kuchagua muda wa mwanga, anza na 1/125 ya sekunde au mfupi zaidi. Mistari myeusi ya kulala ikitokea, taa inapepesa: ipandishe hadi mwisho kwanza, na isipotoweka tumia 1/100 penye umeme wa hezi 50, au 1/120 penye hezi 60. Piga picha kama kumi mfululizo, usiridhike na moja.

Maswali ya wanachama

Tumbili_Mjanja: Picha yangu ina weusi pembeni. Nifanyeje?

Mwandishi: Ukingo wa weusi huo ni mkali au ni laini? Jibu liko kwenye hatua ya 4.

Tumbili_Mjanja: Sijui, ni mweusi tu. Simu gani ni nzuri zaidi kwa kazi hii?

Mwandishi: Ile uliyo nayo, ukishasoma hatua ya 4.

Msafiri wa Usiku: Ndugu mwandishi, nimefuata hatua zote sita na kwa 10x picha ni safi kabisa, lakini kwa 40x bado ina ukungu. Nadhani somo lina upungufu.

Mwandishi: Hatua ya 2 inataka uone kingo waziwazi kwa jicho. Je, kwa 40x uliziona?

Msafiri wa Usiku: Hapana, hata kwa jicho kulikuwa na ukungu kidogo.

Mwandishi: Basi tatizo lilikuwapo kabla ya simu kufika, na somo la simu halina la kulifanyia. Tazama maandishi ya lenzi yako: ikiwa imeandikwa 0.17, imeundwa kwa ajili ya kioo cha kufunika chenye unene wa milimita 0.17. Bila kioo hicho, au kukiwa na maji mengi chini yake, 40x hutoa picha yenye ukungu ilhali 10x haionyeshi dalili yoyote. Hakikisha pia kwamba slaidi haikugeuzwa juu chini, na kwamba ncha ya lenzi haina mafuta yaliyobaki baada ya kutumia 100x.

Msafiri wa Usiku: Kulikuwa na mafuta. Niwie radhi.

Binti Kuvu: Shikamoo mwalimu. Napiga jani la mmea wa mosi kwa 40x. Katika baadhi ya picha kloroplasti zinaonekana mviringo, katika nyingine zimerefuka, na zote zimerefuka kuelekea upande mmoja. Kwa jicho ni safi. Je, ni ulengaji au mtikisiko?

Mwandishi: Marahaba, na asante kwa kutazama kwa makini, kwa sababu umeshajibu nusu ya swali. Ulengaji mbaya huvimbisha kila nukta pande zote, mara nyingi ikiwa na pete kuizunguka, na picha zote kumi hufanana. Mtikisiko huvuta nukta kuelekea upande mmoja, na baadhi ya picha hunusurika. Kwako ni mtikisiko. Piga kumi kwa kipima muda cha sekunde 3 na kumi kwa cha sekunde 10, kisha utueleze ni ngapi zilizo safi katika kila fungu.

Binti Kuvu: Kwa sekunde 3 ni nne safi, kwa sekunde 10 ni tano. Hakuna tofauti kubwa.

Mwandishi: Kwa hiyo si kidole chako, maana mtikisiko wa kidole ungekuwa umetulia ndani ya sekunde 10. Kuna kitu kinachotikisa mfululizo. Juu ya meza hiyo kuna nini kingine?

Binti Kuvu: Kuna kompyuta yenye feni. Nimeihamishia sakafuni, nikaweka sponji nene chini ya hadubini na ubao mzito juu ya sponji. Sasa tisa kati ya kumi ni safi.

Mwandishi: Vizuri sana. Ubao mzito ni muhimu, kwani sponji peke yake huiacha hadubini ikiyumba. Ukipata nafasi, fupisha pia muda wa mwanga kwa kuongeza taa, huenda ukaipata na ile ya kumi.

Fundi Vioo: Nikivuta picha mara 5 kwenye simu, nitaona zaidi?

Mwandishi: Hapana. Chukua lenzi ya jicho yenye namba ya uwanja 18, yaani upana wa pete yake ya ndani kwa milimita: kwa 40x unaona upana wa milimita 0.45. Duara hilo likijaza pikseli 3,000, kila pikseli inabeba maikromita 0.15, na kitu kidogo zaidi unachoweza kukitenganisha tayari kinachukua pikseli tatu na ziada. Vuta mpaka ukingo mweusi utoke kwenye fremu, kisha uache.

Binti Kuvu: Kuna doa la kijivu lisilohama nikisogeza slaidi. Ni la wapi?

Mwandishi: Zungusha lenzi ya jicho peke yake ndani ya bomba. Doa likizunguka nayo, vumbi liko humo. Lisipozunguka, inua simu kidogo na uigeuze robo mzunguko: doa likibaki palepale kwenye skrini huku picha ikigeuka, vumbi liko kwenye simu. Likigeuka pamoja na picha, tafuta chini, kwenye kondensa au kioo cha taa, na ushushe kondensa kidogo uone kama litafifia.

Fundi Vioo: Adapta yangu ni fupi na haina skrubu ya urefu.

Mwandishi: Kata pete za kadibodi nyeusi, uziweke moja moja kati ya adapta na lenzi ya jicho, ukirudia jaribio la kutelezesha kila unapoongeza pete. Picha ikififia kwa pamoja, gundisha pete hizo zibaki hapo.