Kuomba data za NPS na kurudisha mgawo wa kipato uliofifia

Fomu si tatizo. Unafungua akaunti kwenye maktaba ya mikrodata ya Benki ya Dunia, unachagua utafiti wa kaya wa Tanzania (NPS), unaeleza kwa sentensi mbili tatu utazitumiaje data, unakubali masharti. Wengi hukosea hapohapo kwa kuomba awamu moja tu. Omba mbili, ya 2008/09 na ya 2010/11 iliyorudi kwa kaya zilezile, pamoja na madodoso yake, maana bila awamu ya pili huna dawa ya ugonjwa unaoelezwa hapa.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Unataka kupima kwa rigresheni jinsi kipato cha kaya kinavyoathiri urefu wa watoto wake. Mkulima anaulizwa alipata kiasi gani mwaka uliopita. Anakumbuka magunia aliyouza, anasahau mahindi yaliyoliwa nyumbani, kisha anakadiria kwa laki nzima. Kipato kilichoandikwa ni kipato halisi pamoja na kosa. Kwa hiyo kundi linaloonekana tajiri kwenye data lina watu wa kawaida ambao jibu lao lilipanda kwa bahati, na watoto wao wana urefu wa watoto wa kawaida. Kipato kimetawanyika zaidi kuliko hali halisi, lakini urefu wa watoto haukufuata, basi mstari wa rigresheni unalala. Mgawo, yaani mwinuko wa mstari huo, unavutwa kuelekea sifuri. Kuongeza kaya elfu kumi hakusaidii: utapata jibu lilelile lililofifia, safari hii kwa uhakika mkubwa zaidi.

Kiasi cha kufifia kinajulikana. Tuseme tunataka kipato cha kudumu cha kaya, na logi ya kipato cha awamu mbili ina uwiano wa 0.6. Ikiwa makosa ya awamu mbili hayahusiani na mtawanyiko ni uleule, hiyo 0.6 ndiyo sehemu ya mtawanyiko iliyo ya kweli. Mgawo halisi ukiwa 0.25, rigresheni ya kawaida itakupa 0.25 × 0.6 = 0.15.

Sasa ongeza elimu ya mama, kama kila msimamizi wa tasnifu anavyodai. Ikiwa elimu hiyo inaeleza robo ya mtawanyiko wa kipato kilichoandikwa, sehemu ya kweli iliyobaki ni (0.6 − 0.25) / (1 − 0.25), yaani 0.47, na mgawo wa kipato unashuka hadi kama 0.12. Kilichopotea hakikutoweka. Elimu ya mama imebeba sehemu yake, na mwandishi anahitimisha kwamba fedha si kitu, elimu ndiyo kila kitu. Hitimisho hilo limetokana na kumbukumbu mbovu ya magunia.

Dawa ni kutumia kipato cha awamu ya kwanza kama wenzo wa kile cha awamu ya pili, yaani unakitabiri cha pili kwa cha kwanza, kisha unatumia utabiri huo kwenye rigresheni. Hapa ndipo siku zinapotea. Faili la matumizi huja limejumlishwa tayari, ila kipato utajumlisha mwenyewe: mishahara, mazao pamoja na yaliyoliwa, biashara. Kisha kuna namba ya kaya. Awamu ya kwanza inaiita `hhid`, ya pili ina `y2_hhid` yake na inaitunza ile ya zamani kama `hhid_2008`. Iache kama maandishi. Ukiigeuza tarakimu, sifuri ya mwanzo inakwenda na tarakimu za mwisho zinaweza kukatwa kimyakimya. Kaya 3,265 zimekuwa 3,924 kwa sababu vijana walioa na kuhama, basi kaya moja ya zamani ina watoto kadhaa kwenye faili jipya. Kuunganisha `1:1` kwenye Stata kutagoma.

```
use kipato1, clear
rename hhid hhid_2008
save kipato1b
use watoto2, clear
merge m:1 hhid_2008 using kipato1b, keep(match)
ivregress 2sls haz elimu_mama (ln_kip2 = ln_kip1), vce(cluster eneo) first
```

`eneo` ni eneo la sampuli la awali, na `haz` ni urefu kwa umri. Baki na watoto waliozaliwa baada ya mahojiano ya awamu ya kwanza. Mtoto mkubwa alikula kipato cha 2008 moja kwa moja, na hapo wenzo unaingia mlango wa nyuma na kupandisha mgawo kupita kiasi. Hata kwa wachanga mlango haufungi kabisa: ng'ombe aliyenunuliwa mwaka ule bado anatoa maziwa.

Mgawo ukipanda kutoka 0.12 kuelekea 0.25, dawa imefanya kazi. Usipopanda, tazama wafanyabiashara kwanza. Anayeficha kipato akidhani mhojaji katumwa na watu wa kodi atakificha awamu zote mbili, makosa yanafanana, na wenzo unarithi ugonjwa uleule. Endesha rigresheni ya wakulima peke yao, kisha ya wenye maduka peke yao. Mgawo ukipanda kwa wakulima na kubaki chini kwa wenye maduka, shuku kauli zao kabla ya kushuku kipato chenyewe.